Kurekodi somo la kukagua mzinga: saa, moshi na picha za karibu

*"Wakuu, nataka kurekodi video ya kuwafundisha wanaoanza kufuga nyuki. Mzinga wangu ni wa viunzi vya juu, nyuki ni hawa hawa wetu wakali. Tuvae nini, nifungueje bila kuleta balaa, na picha za karibu nichukue zipi?"*

Mkuu, kwenye skripti yako anza kwa kupanga saa. Nyuki wetu hufunguliwa jioni, ili wakichachamaa giza liwarudishe mzingani kabla hawajafika kwa majirani na mifugo. Kamera nayo inataka jua. Mimi hugawa kazi: saa 10 narekodi mlangoni bila kugusa mzinga, saa 11 nafungua, jua likiwa mgongoni. Jua la kushuka huingia hadi ndani kabisa ya vijumba vya sega, na picha hiyo ndiyo mwanafunzi anayoihitaji kuliko zote. Taa nyeupe usije nayo, maana giza likiingia nyuki huifuata pamoja na aliyeishika.

Mavazi yaonyeshe yakivaliwa. Ovaroli liwe jeupe au la rangi hafifu, pana, juu ya nguo nyingine, kwa sababu kitambaa kikishika mwili mwiba unapenya. Suruali ikae nje ya buti na ifungwe kwa mpira, kwani nyuki akitua mguuni hupanda juu. Kofia iwe na ukingo mpana ili wavu usiguse pua wala masikio. Kisha mmoja apitishe kidole kwenye zipu ya mwenzake mpaka mwisho, hasa pale shingoni. Mpiga picha naye avae vyote. Kama maikrofoni yake ina manyoya meusi, ifunikeni kitambaa cheupe, maana nyuki hushambulia kitu cheusi chenye manyoya.

Mlangoni tafuta nyuki anayepepea mbawa huku ameinua tumbo na ncha yake imejikunja chini. Huyo anaeneza harufu ya kuwaita wenzake nyumbani, hana ugomvi. Mwenye ugomvi huinua tumbo mwiba ukiwa nje. Hawa wawili wakae kwenye video mmoja baada ya mwingine, polepole, maana kwa mbali wanafanana na maamuzi yako yote yanategemea kuwatofautisha.

Bomba la moshi lijaze magunzi makavu ya mahindi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, na juu yake majani mabichi. Pulizia kiganja chako kwanza: moshi ukichoma, utawachoma nyuki na kuwakasirisha. Puliza mara 3 au 4 mlangoni, kisha subiri dakika 2 au 3. Hapo usikate video. Moshi huficha harufu ya hatari na kuwafanya nyuki wakimbilie kunywa asali, na hilo linataka muda.

Simama ubavuni, usizibe njia yao. Gonga viunzi kwa kidole: kinacholia kitupu hakina sega, anzia hapo. Ondoa kimoja upate nafasi, halafu sogeza vinavyofuata kimoja kimoja, ukikata kwa kisu pale sega lilipoganda ukutani. Sega la mzinga huu halina fremu. Ukilitazama liache lining'inie wima kama lilivyokuwa. Ukililaza, hasa likiwa jipya na zito, linakatika na kuanguka na majana yake, yaani watoto wa nyuki.

Sasa jua likupite begani. Mayai utayaona chini ya vijumba kama vipunje vidogo vyeupe, kipunje kimoja kila kijumba. Yai hukaa takriban siku 3 tu, kwa hiyo ukiyaona, malkia alikuwepo juzi au jana, huna haja ya kumsaka. Karibu yake rekodi majana yaliyofunikwa kwa nta ya kahawia iliyotuna kidogo, na asali iliyofunikwa kwa nta nyeupe. Anayeanza huvichanganya hivi viwili wakati wa kuvuna, akakata watoto badala ya asali.

Nyuki wakianza kukimbia juu ya sega kwa mkupuo, sauti ikapanda, na ukasikia harufu kama ya ndizi mbivu, ukaguzi umekwisha. Harufu hiyo hutoka kwenye miiba na inawaita wengine. Aliyechomwa akwangue mwiba mara moja, apulize moshi palipochomwa. Akivimba midomo au kukosa pumzi ni hospitali papo hapo, na gari liwe limeshajulikana kabla hamjaanza.

Kufunga mzinga nako kurekodi: moshi kidogo ili nyuki washuke, viunzi virudi kwa mpangilio ule ule, visukumwe taratibu, kwa sababu kila anayebanwa hutoa harufu ile ile. Halafu ondokeni kupitia vichakani, mpanguseni mgongoni kila mmoja, na kofia zivuliwe pale tu ambapo hakuna nyuki hata mmoja anayezunguka wavu.