Variansi ya hisa moja: kwa nini hatugawi kwa 2

Swali: "Hisa inauzwa sh 400. Uchumi ukikua (uwezekano 0.3) bei itafika 480 na gawio 20, ukibaki wa kawaida (0.5), bei 430 na gawio 18, ukidorora (0.2), bei 360 bila gawio. Nimepata variansi 322.38, majibu yanasema 147.25. Nimekosea wapi?"

Kosa lako nalitambua kwa sababu nililifanya mwenyewe nilipokuwa nikijiandaa na mtihani wa uhasibu: ulijumlisha mikengeuko iliyopigwa mraba, kisha ukagawa kwa 2, yaani idadi ya hali ukitoa moja.

Mapato yako bila shaka ni sahihi, maana gawio lazima lihesabiwe pamoja na mabadiliko ya bei: 25%, 12% na −10%. Ukizidisha kila moja kwa uwezekano wake unapata 7.5 + 6 − 2, yaani mapato tarajiwa ya 11.5%, ingawa hakuna hali hata moja ambayo hisa hii italipa kiasi hicho.

Mikengeuko kutoka 11.5 ni 13.5, 0.5 na −21.5, na miraba yake ni 182.25, 0.25 na 462.25. Kugawa kwa idadi ukitoa moja hufaa pale unapokadiria kutokana na sampuli ya mapato ya miaka iliyopita. Hapa hali zote zimekwisha kutajwa, na uwezekano wake, ambao jumla yake ni 1, ndio unaofanya kazi ya kugawa. Kwa hiyo 54.675 + 0.125 + 92.45 ni 147.25, na kipeuo chake cha pili, yaani mkengeuko sanifu, ni takriban 12.13%.

Kwenye Eksel, `STDEV.S` itakurudisha kwenye kosa lilelile, kwa kuwa haiujui uwezekano. Uwezekano ukiwa safu ya B na mapato safu ya C, andika:

```
E2: =SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)
E3: =SUMPRODUCT(B2:B4,(C2:C4-E2)^2)
E4: =SQRT(E3)
```

Ukiingiza mapato kwa desimali, E3 itaonyesha 0.014725. Usishtuke: variansi ya 147.25 ni asilimia iliyopigwa mraba, hivyo hugawanywa kwa 10,000, wala si kwa 100. Anayegawa kwa 100 huishia na mkengeuko sanifu wa 121%, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtilia shaka, kwani mapato yenyewe hayatoki nje ya −10 na 25.

Tazama pia kwamba mdororo, wenye uwezekano wa 0.2 tu, unabeba 92.45 kati ya 147.25. Uwezekano huo mara nyingi ni makadirio ya mtu. Ukiufanya 0.3 na ule wa hali ya kawaida 0.4, mapato tarajiwa yanashuka hadi 9.3% na mkengeuko sanifu unapanda hadi 13.73%.