"Mteja akiridhika" si sharti la malipo

SWALI: Nimepata kazi ya kutafsiri masomo ya video kwa kampuni ya ng'ambo. Hati yao ya maelezo ya kazi ni ya Kiingereza, na mwenzangu amenifasiria vipengele vitatu hivi: "mazao ya kazi", "hatua muhimu", na "malipo yatafanyika mteja akiridhika". Je, tafsiri hii ni sahihi? Niitie saini?

JIBU: Usitie saini bado, ndugu yangu. Hayo mawili ya kwanza yanavumilika. La tatu limenichosha kwa miaka, na leo nitalisema hadi mwisho.

Niyapitie ya kwanza upesi. "Mazao ya kazi" yataeleweka, ila mimi napendelea "vitu vya kukabidhi", kwa sababu kinachotakiwa hapo ni kitu kinachohesabika na kutoka mkononi mwako: faili 12 za manukuu, kila moja kwa somo lake. "Kutafsiri masomo" ni shughuli, haikabidhiki. "Hatua muhimu" nayo ina kasoro moja: msomaji hudhani ni kipindi cha kazi, kumbe ni pale kipindi kinapofungwa na fedha kudaiwa. Iite "hatua ya malipo" kama malipo yamefungwa nayo.

Sasa "akiridhika". Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika ridhaa, na kwetu linataja hali ya moyo. Moyo wa mtu haukaguliwi. Hakuna siku unayoweza kuitaja ukasema, "Siku hii mteja aliridhika," wala hakuna ushahidi wa kumpinga akisema hajaridhika. Kukubali ni jambo jingine kabisa. Ni tendo: lina mtendaji, lina tarehe, na linaweza kuandikwa. Mtu anaweza kuikubali kazi iliyotimiza masharti hata kama haikumfurahisha, na hapo anakuwa anadaiwa. Anayeandika "kuridhika" mahali pa "kukubali" anamnyang'anya mfanyakazi haki yake kwa kitenzi kimoja.

Liangalie kwa hesabu. Tuseme kazi yako ni masomo 12 kwa dola 1,800, katika hatua tatu za masomo manne na dola 600 kila moja, na mkataba unasema utalipwa siku 30 baada ya mteja kuridhika. Unakabidhi masomo manne ya kwanza tarehe 3 Machi. Mteja yuko kimya. Zile siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini? Hazianzi. Wewe unaendelea na masomo ya tano hadi ya nane, kisha ya mwisho, na dola zote 1,800 zinaning'inia kwenye moyo wa mtu usiyemwona.

Kama hati yao ya Kiingereza nayo inataja kuridhika tu, kosa si la mwenzako, ni la hati. Omba kipengele chenye maana hii:

"Mteja atakagua faili ndani ya siku 10 tangu alipokabidhiwa. Akiikataa kazi, ataeleza kwa maandishi ni kigezo kipi cha kiambatisho hakikutimizwa, na mtafsiri atarekebisha ndani ya siku 5. Siku 10 zikipita bila jibu la maandishi, kazi itahesabiwa kuwa imekubaliwa."

Kwa maneno hayo, ukimya wa mteja unaisha tarehe 13 Machi, na zile siku 30 zikihesabiwa tangu kukubaliwa huko, malipo yanatakiwa kufika 12 Aprili. Vigezo navyo, vitakavyoandikwa katika kiambatisho cha mkataba, viwe vya kupimika: kila mstari wa manukuu usizidi herufi 42, istilahi zifuate orodha iliyoidhinishwa na mteja, muda wa maneno ulingane na sauti. "Tafsiri iwe nzuri" haimo humo, kwa sababu inaturudisha kule kule moyoni. Mteja akitaka baadaye mtindo mwingine wa lugha ambao haukuandikwa, hiyo si kasoro, ni badiliko la kazi lenye bei yake.

Mambo mawili usiyasahau. Kipengele hicho kiingie katika maandishi ya Kiingereza yenyewe. Mikataba ya namna hiyo mara nyingi hutamka kwamba Kiingereza ndicho kitakachofuatwa pakitokea mgongano, na hapo tafsiri yako ya Kiswahili itakusaidia kuelewa tu. Pili, kabidhi kwa njia inayoacha tarehe, kama barua pepe yenye orodha ya faili, maana asiyeweza kuonyesha siku aliyokabidhi hana pa kuanzia kuhesabu zile siku 10.

Wakikataa kubadilisha neno hata moja, omba hatua ziwe ndogo: masomo mawili kwa dola 300, na iandikwe kwamba hutaanza yanayofuata kabla ya yaliyotangulia kukubaliwa kwa maandishi.