Ukitumiwa picha ya jedwali, kagua mabaki kabla ya kuamini mstari

Mdogo wangu yuko chuo, juzi kanirushia WhatsApp picha ya jedwali, daftari limekunjwa na mwanga hafifu, anataka mstari wa rigresheni. Ni joto la saa sita mchana njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, x ni mwinuko kwa kilometa, y ni nyuzi joto: getini 1.9 na 20, Mandara 2.7 na 16, Horombo 3.7 na namba inayosomeka kama 4, Kibo 4.7 na 3.

Ukiziingiza hivyo hivyo kwenye kalkuleta inakupa y = 32.5 − 6.7x na inaonekana safi kabisa, ndo maana nasema usiishie hapo. Chukua kila kituo, toa joto la mstari kutoka kwenye joto lililopimwa, hayo ndo mabaki. Getini yanabaki kama 0.2, Mandara 1.6, Kibo 2, ila Horombo ni −3.7, yaani mstari unatarajia karibu 7.7 we umeandika 4. Sasa usibadilishe namba ili mstari upendeze, hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Rudi kwenye picha uikuze, au mwambie aliyepiga apige tena. Ilipopigwa upya ikaonekana ni 9, mkunjo ulikuwa umekula kichwa cha namba.

Hapo tunaanza upya. Wastani wa x ni 3.25, wa y ni 12. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha tofauti za x na y kwa kila kituo ujumlishe, unapata −27.4, halafu jumla ya miraba ya tofauti za x ni 4.43. Ukigawanya unapata mteremko b, na a ndo namba ya mstari pale x ikiwa 0.

```
b = -27.4 / 4.43 = -6.185
a = 12 + 6.185 × 3.25 = 32.1
```

Mstari ni y = 32.1 − 6.2x na mabaki yote yako chini ya 1. Ona kwamba mteremko haukubadilika sana, kutoka 6.7 kwenda 6.2, kwa hiyo kuangalia mteremko peke yake kusingekuonyesha kosa.

Kwenye maelezo andika hivi: kila ukipanda kilometa 1, joto linapungua wastani wa nyuzi 6.2, kwa data hizi. Kama x ingekuwa kwa mita, b ingekuwa −0.0062 na mlima ni ule ule, so usiandike mteremko bila yuniti zake.

Ile 32.1 ndo inawachanganya wengi. Ni joto ambalo mstari unatoa pale x ikiwa 0, yaani usawa wa bahari, lakini hakuna aliyepima chini ya geti, kwa hiyo usiseme ndo joto la Tanga mjini. Inatumika kuuweka mstari mahali pake tu. Na kilele cha Uhuru, kilometa 5.9, mstari unatoa kama −4.4, nacho kiko nje ya data, kitaje kama makadirio. Tena wapandaji hulala njiani, kila kituo kinaweza kuwa kimepimwa siku tofauti yenye mawingu tofauti, hivyo nilimwambia aandike tarehe pembeni ya kila kipimo kabla hajalinganisha chochote.