Barua ya shangazi kuhusu mpaka wa shamba

"Shangazi yangu kaishia la pili, anataka kumwandikia mwenyekiti wa kijiji, jirani kang'oa masale. Nikimuuliza niandike nini anasema andika nimeonewa. Nifanyeje?"

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Nilimwandikia mama mkubwa barua kama hiyo, na "nimeonewa" haimsaidii mwenyekiti, yeye anataka nani, wapi, lini. Nendeni shambani muulize vitu vya kuonyesha kwa kidole: masale yalianzia wapi, nani aliyapanda, siku ile ulitoka kufanya nini ukakuta yameng'olewa, nani mwingine aliona? Mwaka asipoujua usimkisie, muulize ilikuwa kabla ya mvua za El Nino au baada, mama mkubwa akasema "Nyerere alipofariki mimi nishalima pale misimu miwili", basi hiyo ni 1999, tukahesabu kurudi nyuma. Akinyamaza ngoja, usimmalizie sentensi. Andika maneno yake hivyohivyo, usiweke "kinyume cha sheria" kama hajasema, maana akiitwa barazani ataulizwa na atakwama. Mwisho msomee yote kwa sauti, akisema "hapana, sio hivyo" futa, ndo aweke dole gumba.