Nusu dakika mbele ya bango lako

Wadogo zangu mnaoenda kuprezenti bango kwa mara ya kwanza, nawaombeni msianze na "utafiti wangu unahusu". Mimi nilianza hivo. Bango langu lilikuwa la ukaushaji wa mahindi na sumukuvu, mgeni akifika namgeuzia mgongo namsomea kichwa cha bango ambacho ameshakisoma mwenyewe toka mbali, alafu utangulizi, alafu malengo, nikifika kwenye matokeo nageuka nakuta mtu keshahamia kwa jirani. Asubuhi nzima ikaisha hivo.

Mchana nikaanza na swali. Mtu akipunguza mwendo tu, "Karibu, kwenu mnajuaje mahindi yamekauka?" Karibu kila mtu ana jibu, wengi wanasema unang'ata punje ukisikia "ka!" basi yako tayari. Hapo ndo naingia, na maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Meno yanadanganya. Kuna njia ya chumvi: mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, unafunga, unatikisa, unaacha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Shida ni kwamba ghalani tunataka usizidi 13.5, kwa hiyo mahindi ya 14 yanapita kwenye chupa alafu yanaota kuvu stoo. Sisi tulikuwa tunatafuta namna ya kuziba hilo pengo."

Nusu dakika, haizidi. Angalia nilivyoacha majina ya mashine, idadi ya sampuli, jina la mfadhili, vyote viko kwenye bango, anayevitaka ataviuliza. Ila tatizo lazima liwe na namba mbili anazoweza kuzishika kichwani, 15 na 13.5, zaidi ya hapo anapotea.

Na chupa nilikuwa nayo mkononi kweli, chumvi imeganda kwenye kioo. Mtu akishaishika haondoki haraka, anaigeuza geuza, na wewe unanyamaza kidogo. Huo ukimya msiuogope jamani, swali lake la kwanza ndo linakwambia ni nani. Akiuliza "mkulima atafanyaje?" mpeleke kwenye picha za uanikaji. Akiuliza mlipimaje, huyo ni mwenzako wa maabara, mwonyeshe grafu kwa kidole, mwambie na udhaifu wa kipimo chako kabla hajauona mwenyewe.

Mgeni wa pili akitokea katikati, usirudie mwanzo, mwambie tu "karibu, tunaongelea mahindi yanayoonekana makavu kumbe bado" alafu endelea.

Usiku kabla ya siku yenyewe jirekodi kwenye simu ukiwa umesimama, sio umekaa, maana ukisimama pumzi inakuwa tofauti. Ukikuta sekunde 20 zimepita na bado hujataja tatizo, kata mwanzo, usiongeze spidi.