Maswali na majibu: Hisa za serikali na kampuni ya serikali ni vitu viwili

Kiwanda cha saruji cha Songwe si cha serikali? Mbona tunasikia kimeuzwa tena? (Msomaji, Mwanjelwa)

Kilikuwa, enzi za mashirika ya umma. Leo Mbeya Cement, hiyo ya mfuko wa Tembo, ni kampuni binafsi ambayo serikali ina hisa ndani yake. Mwekezaji ana asilimia 65, serikali 25 na NSSF 10. Mwaka 2023 Holcim ya Uswisi ilitangaza kuziuza zile 65 kwa Amsons, Watanzania wenzetu. Tanuru halikuuzwa, wala magari. Mali na madeni ya kampuni hubaki kuwa ya kampuni. Kinachobadilika ni jina kwenye daftari la wanahisa. Zile 35 za upande wa umma hazikuwa sehemu ya mauzo.

Utaniuliza zinasaidia nini. Mambo ya kawaida, kama kuchagua wakurugenzi, hupita kwa wingi wa kura, kwa hiyo mwenye 65 atakushinda kila mkutano. Kubadili katiba ya kampuni ni jambo jingine: sheria ya makampuni inataka azimio maalumu, yaani kura zisizopungua robo tatu ya zilizopigwa. Sasa piga hesabu. Wanahisa wote wakipiga kura na serikali ikakataa peke yake, upande wa pili una 65 na 10, jumla 75, azimio limepita. NSSF nayo ikikataa, mwenye 65 amekwama. Kwa hiyo hizo 10 za NSSF ndizo zinazozipa meno 25 za serikali. Nami nasema, ingawa hukuniuliza: fedha za NSSF ni za wanachama, na kura yake ifuate masilahi ya wastaafu kwanza, si ya wizara yoyote.

NMB ni ya serikali au ya watu binafsi? Naomba jibu fupi. (Msomaji, Iringa mjini)

Jibu fupi nimeshalitoa hapa mara kadhaa na bado mnauliza, basi leo chukua refu. NMB ilizaliwa mwaka 1997 ilipogawanywa NBC ya zamani, na wakati huo ilikuwa yote ya serikali. Mwaka 2005 asilimia 49 zikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 benki ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sasa serikali ina 31.8, Arise, kampuni ya uwekezaji iliyochukua hisa za Rabobank, ina 34.9, zilizobaki ziko kwa taasisi na watu wa kawaida.

Hisa zote ni milioni 500. Kwa mwaka 2023 gawio lilikuwa kama shilingi 361 kwa kila hisa, kwa hiyo serikali ilipata kama bilioni 57.4. Mama wa Tukuyu mwenye hisa 1,000 alistahili kama 361,000. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5, mkononi kama 343,000. Kiwango cha kila hisa ni kilekile kwa mama na kwa Hazina.

Na mwenye kushika hisa za serikali ni Msajili wa Hazina, kwa niaba yetu. Si waziri, si mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya anayemwita meneja wa tawi ampangie nani apewe mkopo hana kura hata moja pale.

Nina milioni mbili, nataka hisa za TANESCO au za mamlaka ya maji Mbeya. Naanzia wapi? (Msomaji, Mbalizi)

Huanzii popote. TANESCO ni kampuni yenye hisa, ila zote ni za serikali na haiko sokoni. Mamlaka ya maji haina hisa kabisa. Imeundwa kwa sheria, wala haina mwanahisa wa kugawiwa faida. Bili unayolipa kila mwezi haikufanyi mwanahisa, ndugu yangu.

TAZARA ni ya Wachina? (Msomaji, Makambako)

Hapana. Wachina walikopesha na kujenga. Mamlaka yenyewe ni ya Tanzania na Zambia nusu kwa nusu. Usiichanganye na bomba la TAZAMA linalopita hukuhuku: hilo ni kampuni, Zambia ina theluthi mbili, sisi theluthi moja.

Jirani yangu wa Uyole ananiuzia hisa zake za NMB, ana karatasi kabisa. Nimlipe? (Msomaji, Uyole)

Usimpe hata mia. Hisa zilizoorodheshwa hukaa kwenye akaunti ya CDS, yaani daftari la kielektroniki la hisa, na huuzwa kupitia dalali mwenye leseni. Mwambie apeleke amri ya kuuza kwa dalali, nawe ufungue akaunti yako ununue kwa bei ya siku hiyo. Akianza kusema dalali anachelewesha, rudi nyumbani na hela zako.