Jibu: Menelik na Sayyid Khalid, 1896

"Sayyid Khalid aliangushwa hapa Unguja chini ya saa moja. Mbona mwaka huo huo Mfalme Menelik wa Ethiopia aliwashinda Waitaliano?"

Ndugu yangu, simama pale Forodhani utazame baharini. Jumba la Khalid lilikuwa usoni mwa manowari za Waingereza, hakuna hata kilima cha kujisitiri. Menelik alikuwa na milima, na alipata miaka ya kujiandaa. Kabla hajaukana mkataba wa Wuchale aliofunga na Italia mwaka 1889, alishapokea bunduki za Waitaliano wenyewe. Nyingine alinunua kwa Wafaransa. Septemba 1895 akapiga mbiu, wakakusanyika watu kama laki moja.

Chakula ndicho kilichokaribia kumshinda. Jeshi hilo lilimaliza akiba ya nchi nzima ile, na siku chache mbele angelazimika kuondoka Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, alikopiga kambi. Jenerali Baratieri wa Italia hakusubiri. Usiku wa kuamkia Machi 1 vikosi vyake vilitembea gizani kwa ramani mbovu, kimoja kikapitiliza hadi kilima kingine, mbali kabisa na wenzake. Kulipokucha wakapigwa kimoja kimoja, milima imewatenga, hakuna wa kumfikia mwenzake.